Mvua, Joto na Homa Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kuhesabu Siku

Kila mwaka, mvua za masika zikianza kukatika mwezi wa Mei, nikibisha mlango hapa Mukuru kwa Njenga nasikia jibu lile lile: "Nimepimwa, nina malaria na taifodi." Mara nyingi mtu amelipia dawa za vyote viwili, na wiki moja baadaye bado anatetemeka au bado anaendesha. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nimezunguka milango hii kwa miaka, na kilichonifungua macho ni kopo la kupimia mvua, vipimajoto viwili na daftari.

Mvua kubwa ikishuka Nairobi huanzisha hesabu tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya maji machafu, nayo huenda kwa saa na siku. Ya pili ni ya mbu, inayochukua wiki mbili hadi tatu. Ya tatu ni ya kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu, na katika baridi ya jiji hili hesabu hiyo ni ndefu kiasi kwamba mbu wengi hufa kabla haijatimia. Ukizitenganisha hesabu hizi utajua lini uanze kutibu maji, lini umwage madimbwi, na mgonjwa akija na homa umuulize swali gani kwanza.

Hatua ya kwanza: pima mvua na joto la pale unapoishi

Redio itakuambia mvua ya Dagoretti au ya uwanja wa ndege. Nairobi si jiji la mvua moja: Karen inaweza kulowa kabisa huku Embakasi vumbi likipepea. Kwa hiyo tengeneza kopo lako.

Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu ambayo ubavu wake umenyooka. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kubana, kisha ipindue na uirudishe ndani mdomo ukitazama chini, iwe kama faneli. Faneli hiyo huzuia maji yasipotee kwa jua na mbu wasitage humo. Chini ya chupa huwa na mabonde, kwa hiyo tia kokoto kidogo za kuipa uzito, kisha mimina maji hadi yafunike kokoto na mabonde yote. Piga mstari kwa kalamu ya wino usiofutika. Mstari huo ndio sifuri yako. Kutoka hapo pima kwa rula: kila milimita ya maji juu ya mstari ni milimita moja ya mvua. Iweke mahali pa wazi, mbali na ukuta angalau mara mbili ya urefu wa ukuta wenyewe. Kwenye ploti zetu zilizobanana, hapo ni juu ya paa au kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Soma saa tatu asubuhi kila siku, andika, kisha mwaga hadi kwenye mstari.

Milimita ni kipimo kinachoficha ukubwa wake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu ya paa la mabati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 huteremsha lita 2,400, yaani mitungi 120 ya lita 20, kutoka ploti moja. Ukizidisha kwa ploti zote za mtaa utaelewa kwa nini mtaro hufurika ndani ya nusu saa.

Vipimajoto viwe viwili, vya aina inayoonyesha joto la juu na la chini la siku. Kimoja kitundike nje kivulini. Cha pili kitundike ndani ya nyumba, juu, karibu na mahali nguo zinaponing'inia, kwa sababu hapo ndipo mbu hupumzika akishanyonya damu. Nitarudi kwenye kipimajoto hiki cha pili, maana ndicho kilichonibadilisha mawazo.

Hatua ya pili: hesabu ya maji, kuanzia saa ile ile mvua inaponyesha

Wengi hufikiri kipindupindu na kuhara huletwa na mafuriko pekee. Mafuriko yana lake. Mwaka 2024, mwezi wa Aprili, Mto Mathare ulipovunja kingo zake kila mtu aliona vyoo na maji ya kunywa vikichanganyika. Lakini hatari ya kila mwaka, ambayo haipigwi picha, imo ndani ya bomba.

Mitaa yetu hupata maji kwa mgao. Mfereji ukikauka siku tatu, bomba linabaki tupu, halina msukumo wowote ndani. Hapa kwetu mabomba ya plastiki hupita juu juu ya ardhi, na mengi huvuka mitaro ya maji machafu au hulala ndani yake. Pale yalipounganishwa kwa kufungwa mpira pana ufa. Maji yakiwa na nguvu, ufa huo hutoa maji nje na kila mtu anauona. Maji yakikatika, ufa huo huo hunyonya kilicho nje kuingia ndani. Sasa ongeza mvua: mtaro uliokuwa na maji ya kina cha kidole unajaa hadi bomba linazama. Mgao ukirudi, kinachotangulia kutoka kwenye mfereji ni kile kilichonyonywa.

Kwa hiyo daftari langu lina safu ya nne kando ya mvua na joto: siku ambazo mfereji ulikauka. Mvua ya zaidi ya milimita 20 ikikutana na mgao uliokatika, nawaambia majirani siku hiyo hiyo waanze kutibu maji, bila kusubiri mtu wa kwanza kuhara. Namba 20 si ya kisayansi. Ni kiasi ambacho mtaro wetu hufikia bomba, na wewe itabidi utafute chako kwa kusimama mtaroni na rula mvua mbili tatu.

Mgao ukirudi, maji ya kwanza yapokee kwenye ndoo ya kudekia hadi yatoke bila rangi na bila harufu, kisha ndipo ujaze mitungi. Hilo hupunguza uchafu lakini halisafishi maji. Maji meupe pe yanaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu. Baada ya hapo chemsha au tia klorini.

Kuchemsha kuna swali ambalo huulizwa sana. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye takriban nyuzi 94 badala ya 100. Je, inatosha? Inatosha. Yaache yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Kosa kubwa huja baadaye: yanachotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono michafu, au yanamiminwa kwenye mtungi wenye utelezi wa kijani ndani. Mtungi wa namna hiyo tia kokoto safi kikombe kimoja, sabuni na maji kidogo, utikise kwa nguvu hadi utelezi utoke, kisha suuza.

Klorini ya kutibia maji inayouzwa madukani kwa kawaida huwa na nguvu ya asilimia 1.2. Hesabu yake ni hii: mililita moja ina miligramu 12 za klorini, hivyo mililita 3 kwenye mtungi wa lita 20 hukupa karibu miligramu 2 kwa kila lita. Hicho ndicho kipimo cha maji safi. Maji yakiwa na matope, kwanza yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha weka dozi maradufu, kwa sababu matope na uchafu hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Soma chupa uliyonunua, maana nguvu na ukubwa wa kifuniko hutofautiana. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Kisha nusa. Ukipata harufu hafifu ya klorini, dawa imebaki na maji yanalindwa. Usipoipata, imeliwa yote: rudia dozi na ungoje tena. Nikiingia nyumbani kwa mtu akaniambia ametibu maji, namwomba nifungue mtungi ninuse. Ni adabu ndogo kuomba, na majibu yake ni ya kweli kuliko maneno.

Sasa hesabu yenyewe. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5 baada ya mtu kunywa maji machafu. Kuhara kwa ghafla, kama maji yaliyooshewa mchele, bila maumivu makali ya tumbo, ndani ya wiki moja baada ya mvua kubwa, ni jambo la kukimbizwa hospitali saa hiyo huku mtu akinyweshwa maji ya chumvi na sukari njiani. Kama huna pakiti ya dukani, lita moja ya maji yaliyotibiwa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Usizidishe chumvi, chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.

Taifodi ni mwendo mwingine. Kwa kawaida humchukua mtu wiki moja hadi tatu tangu ameze vijidudu. Maana yake ni kwamba maji machafu ya wiki ya pili ya Aprili huleta homa mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, wakati mvua yenyewe imeshasahaulika. Weka jambo hili akilini, tutalihitaji.

Hatua ya tatu: hesabu ya mbu, na kwa nini dimbwi la leo si kosa la leo

Mbu hutaga mayai majini, yai huwa kiluwiluwi, kiluwiluwi huwa bundo, na bundo hupasuka akatoka mbu. Mwendo wa safari hiyo huamuliwa na joto la maji. Maji yakiwa na nyuzi 25, anofelesi hukamilisha kwa siku 10 hadi 12 hivi. Yakiwa na nyuzi 20 huchukua karibu wiki tatu. Chini ya nyuzi 18 anofelesi gambiae, mbu mkuu wa malaria Afrika, karibu hatoki kabisa. Viluwiluwi wake hufa majini. Ndiyo maana dimbwi la Julai, katika ile baridi yetu ya mawingu, si sawa na dimbwi la Aprili hata kama yanafanana kwa macho.

Hivyo dimbwi ni la hatari likidumu muda mrefu kuliko safari ya mbu. Hapa udongo ndio mwamuzi. Upande wa Dagoretti na Kangemi kuna udongo mwekundu unaokunywa maji. Dimbwi la leo jioni kesho kutwa halipo. Huku kwetu Mukuru na Embakasi ni udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunata kama gundi ukilowa. Ukishavimba, maji hayapenyi. Dimbwi hukaa wiki tatu, nne, na kila mvua ndogo hulijaza upya.

Mvua kubwa sana, kinyume na wengi wanavyodhani, hupunguza mbu kwanza. Hufagia viluwiluwi kutoka mitaroni na kuwapeleka mtoni. Wiki ya mafuriko mara nyingi ni wiki ya mbu wachache. Wanaokuja ni wa wiki ya pili na ya tatu, mvua ikishatulia na maji yakabaki yamelala juani.

Fanya hivi kila Jumamosi. Chukua upawa wa plastiki mweupe au bakuli jeupe lenye mpini. Simama jua likiwa mbele yako ili kivuli chako kisianguke majini, maana viluwiluwi wakiona kivuli huzama. Chota mara 10 pembezoni mwa dimbwi, penye majani, na kila mara tazama taratibu kwa nusu dakika. Ukiona kijidudu kinaning'inia kichwa chini, mkia juu, akipumulia kwenye kijibomba kama mtu anayepumua kwa mrija, huyo ni kuleksi. Ukiona amelala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea, huyo ni anofelesi.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mbu wengi mno wanaotunyima usingizi Nairobi ni kuleksi. Hutaga kwenye mtaro ulioziba, shimo la choo, tangi la maji taka lililopasuka. Wanachosha, wanauma, lakini hawabebi malaria. Hata hawangoji mvua: Januari na Februari, mtaro ukiwa umekauka ukabaki uji mzito wa maji machafu, ndipo wanapofurika. Mtu akiniambia "mbu wamezidi, lazima kuna malaria," namwomba anionyeshe mtaro kwanza.

Anofelesi wa kwetu, hasa anofelesi arabiensisi, hupenda maji safi yenye jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi ya lori kwenye eneo la ujenzi, machimbo ya mawe yaliyoachwa, vijisima vya kunyweshea sukuma wiki kandokando ya Mto Ngong. Hayo ndiyo maji ya kuchota Jumamosi. Nikimkuta kiluwiluwi aliyelala sambamba, dimbwi hilo nalifukia kwa kifusi au nalichimbia mfereji siku hiyo hiyo. Ndoo, matairi na makopo mwaga kila baada ya siku 7, kwa sababu hata katika joto letu la juu kabisa hakuna mbu anayemaliza safari yake kwa muda huo. Ukifanya kila baada ya wiki mbili, umechelewa.

Matangi ya maji yafunikwe barabara, na wavu uwekwe kwenye bomba la kufurikia. Zamani hili lilikuwa suala la mbu wasumbufu tu. Sasa lina uzito mwingine, kwa kuwa anofelesi stefensi, mbu wa malaria kutoka Asia anayependa matangi safi ya mjini, alionekana Marsabit mwaka 2022. Huyo haogopi jiji.

Kumwaga oili chafu ya gari kwenye madimbwi sishauri. Mvua inayofuata huisomba hadi mtoni, na mto huo kuna watu wanaunyweshea mboga.

Hatua ya nne: hesabu ya kimelea, kwa kalamu na karatasi

Hapa ndipo Nairobi inapotofautiana na Kisumu. Mbu akimnyonya mtu mwenye malaria hawezi kumwambukiza mwingine kesho yake. Kimelea lazima kwanza kizaliane tumboni mwake na kupanda hadi kwenye tezi za mate. Muda huo hutegemea joto, na fomula yake, iliyoenezwa na mtaalamu wa wadudu wa Kisovieti Tatiana Detinova mwaka 1962, ni nyepesi kuliko hesabu ya darasa la sita:

```
siku = 111 / (T - 16)
```

T ni wastani wa joto la siku. Unaupata kwa kujumlisha joto la juu na la chini kisha kugawa kwa mbili. Kumi na sita ndiyo sakafu: kwenye nyuzi 16 kwenda chini, kimelea cha falsiparumu, kile kinachoua, hakikui.

Tuchukue siku ya kawaida ya Aprili, nje. Juu 25, chini 15, wastani 20. Toa 16, unabaki na 4. Gawa 111 kwa 4, ni siku 28 hivi. Sasa, je, mbu ataishi siku 28? Katika mazingira ya kawaida tukadirie kwamba kati ya mbu 10, mmoja hufa kila siku na 9 hubaki. Baada ya siku 28, kati ya mbu 100 walionyonya damu yenye kimelea, watakuwa wamebaki 5. Chukua joto la nyuzi 25, kama la kando ya ziwa katika msimu wa joto: 111 gawa kwa 9 ni siku 12, na kati ya mbu wale 100 wamebaki 28. Nyuzi tano tu zimewafanya mbu wa hatari kuwa zaidi ya mara tano. Julai yetu, wastani wa nyuzi 17, hesabu inatoa siku 111. Hakuna mbu wa kungoja hapo.

Kwa miaka niliishia hapo na kuwaambia watu kwamba Nairobi malaria haiwezi kuenea. Kisha nikatundika kile kipimajoto cha pili. Nyumba zetu za mabati, zisizo na dari, jiko linawaka ndani na watu sita wamelala, hazina joto la Idara ya Hali ya Hewa. Kipimajoto changu cha ndani huonyesha wastani wa nyuzi 24 siku ambayo nje ni 20. Weka 24 kwenye fomula: 111 gawa kwa 8 ni siku 14, na kati ya mbu 100 wamebaki 23. Mbu anayepumzika juu ya kamba ya nguo anaishi kwenye hali ya hewa ya mji mwingine kabisa.

Kwa hiyo usemi sahihi ni huu: kinachoilinda Nairobi si baridi peke yake. Ni kwamba maji yetu mengi ni machafu mno kwa anofelesi, na wachache wanaobahatika kukua ni nadra kumpata mtu mwenye kimelea damuni. Sababu hizo mbili zinaweza kubadilika, na ndiyo maana naendelea kuchota madimbwi.

Fomula ina mipaka. Karibu na nyuzi 16 hadi 18 haiaminiki sana, kwa sababu joto la mchana na baridi ya usiku havifutani sawasawa: mchana wa nyuzi 25 huharakisha kimelea kuliko usiku wa nyuzi 10 unavyokichelewesha. Itumie kulinganisha miezi na nyumba, usiitumie kumwambia mtu kwamba tarehe fulani yuko salama.

Hatua ya tano: mgonjwa wa Mei

Mwezi mmoja wa Mei mama mmoja wa ploti ya tatu kutoka kwangu aliniita. Kijana wake wa miaka 12 alikuwa na homa siku ya pili, kichwa, baridi ya kutetemesha, ametapika mara mbili. Zahanati moja ya mtaani ilikuwa imemchoma kidole ikampima taifodi kwa kipimo cha Widali, ikasema "imeonekana", ikampa antibiotiki. Malaria haikupimwa.

"Mama, huyu mtoto mwezi uliopita alilala wapi?"

"Si hapa tu? Ah, alikwenda kwa nyanya yake Siaya likizo. Amerudi juzi juzi."

Tulikaa na kalenda ya ukutani. Alirudi tarehe 27 Aprili. Homa ilianza tarehe 5 Mei. Alikuwa Siaya kuanzia tarehe 12. Malaria ya falsiparumu kwa kawaida hujitokeza siku 9 hadi 14 baada ya kuumwa, kwa hiyo tukirudi nyuma kutoka tarehe 5 Mei tunaangukia kati ya tarehe 21 na 26 Aprili. Siku zote hizo alikuwa kwa nyanya, na alilala sebuleni na binamu zake bila neti. Tulikwenda hospitali jioni ile ile. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha mistari miwili. Alipewa dawa za AL, dozi 6 kwa siku 3, na akaambiwa azinywe na chakula chenye mafuta. Siku ya nne alikuwa nje akicheza.

Mtoto huyu amezaliwa Nairobi. Hana kinga ambayo binamu zake wa Siaya wameijenga kwa kuumwa tangu utotoni, na kwa mtoto kama yeye malaria inaweza kupanda kichwani ndani ya siku moja mbili. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020, kanda ya ziwa ilikuwa na watoto 19 kati ya kila 100 wenye vimelea damuni. Likizo ya Aprili inamtoa mtoto wa jiji na kumweka katikati ya hao, katika wiki zile zile mvua inapozalisha mbu, kisha basi linamrudisha Nairobi kabla homa haijaanza. Ndiyo sababu malaria yetu huonekana kufuata mvua ya Nairobi, ilhali inafuata mvua ya Siaya na ratiba ya shule.

Sasa unaona kwa nini Mei huchanganya. Homa ya taifodi kutokana na maji ya katikati ya Aprili na homa ya malaria kutokana na likizo hufika wiki moja. Kipimo cha Widali mara moja hakiwezi kuamua, kwa kuwa hutafuta kumbukumbu ya mwili kuhusu vijidudu, na watu wengi wa mitaa yetu wana kumbukumbu hiyo kutoka zamani. Kinachothibitisha taifodi ni kuotesha damu maabara. Kwa malaria ni kipimo cha haraka au darubini, na hapa pia pana mtego: kipimo cha haraka kinaweza kubaki na mistari miwili wiki mbili tatu baada ya mtu kupona. Mtu aliyemaliza dawa juzi akipimwa tena kwa kidole akaambiwa "bado unayo", aombe darubini.

Kwa hiyo mgonjwa akija na homa nauliza kwa mpangilio huu. Mwezi uliopita ulilala nje ya Nairobi? Kama ndiyo, na hasa kama ni ziwa au Pwani, apimwe malaria leo, si kesho. Kama hapana, natazama daftari: mvua kubwa na mgao uliokatika ilikuwa lini? Kama ni wiki moja hadi tatu nyuma, homa inapanda polepole na tumbo halijatulia, namwandikia hospitali niseme nashuku taifodi, waoteshe damu. Na hata anayesema hakusafiri akiwa na homa ya kutetemesha, bado naomba apimwe malaria, kwa sababu ya ile nyumba ya nyuzi 24. Mtoto anayeshindwa kunywa, anayetapika kila kitu, anayezirai au kupata degedege hatumalizi naye maswali. Tunakwenda.

Wanaosafiri likizo nawapa neti iliyotiwa dawa kabla ya kupanda basi, na maagizo kwamba ilalwe usiku wa kwanza, si baada ya kuzoea. Nawaandikia kwenye jalada la daftari la mtoto tarehe ya kurudi na tarehe ya mwezi mmoja baadaye. Homa yoyote kati ya tarehe hizo mbili ni malaria hadi kipimo kiseme vinginevyo. Hesabu hiyo narudia Desemba, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na watu wakirudi kutoka Krismasi, na Januari huwa na wiki mbili ambazo simu yangu haizimwi usiku.